Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutengeneza mapambo ya gari katika Assetto Corsa Competizione na kuwafikishia wachezaji wengine

Majibu haya yanahusu mchezo gani?

Yote yanahusu Assetto Corsa Competizione, mchezo wa mbio za magari ya GT3 uliotengenezwa na Kunos Simulazioni ya Italia na kutolewa rasmi kwa kompyuta mwezi Mei 2019. Ipo michezo mingine ambayo mchezaji hupanga stika humo humo ndani kisha akazisambaza kwa kubonyeza kitufe kimoja. Huu haufanyi hivyo. Unachora picha kwa programu uipendayo, unaiweka kwenye folda yake, na ni juu yako kuhakikisha kwamba wenzako nao wanayo. Uhuru huo ndio unaozaa karibu maswali yote ninayoulizwa kila msimu wa ligi yetu unapokaribia kuanza, nami nimechoka kuyajibu moja moja usiku wa kuamkia mbio.

Ninaposema mapambo nina maana ya rangi, michoro na stika zote zinazolivika gari zikichukuliwa kwa pamoja. Stika ni kipande kimoja tu ndani yake.

Mapambo hayo yanaundwa na mafaili gani hasa?

Ndani ya folda ya Documents ya Windows mchezo hutengeneza folda yake, na humo mna folda iitwayo Customs. Sehemu mbili za Customs ndizo zinazotuhusu:

```
Documents\Assetto Corsa Competizione\Customs\Cars
Documents\Assetto Corsa Competizione\Customs\Liveries
```

Katika Cars hukaa mafaili madogo ya maandishi, kila moja likieleza gari moja: ni la aina gani, lina namba gani, rangi zake za msingi ni zipi, na linatumia mapambo yenye jina gani. Katika Liveries hukaa folda, moja kwa kila mapambo, na ndani ya kila folda mna picha mbili, `decals.png` na `sponsors.png`, pamoja na mafaili mawili ya maandishi, `decals.json` na `sponsors.json`, yanayoeleza mng'ao wa kila picha.

Kinachounganisha pande hizo mbili ni jina peke yake. Faili la gari lina mstari uitwao `customSkinName`, na kilichoandikwa hapo lazima kiwe sawasawa na jina la folda iliyomo katika Liveries. Pakikosekana herufi moja, au nafasi tupu ikijipenyeza mwishoni, mchezo hautalalamika wala kutoa onyo lolote, ila utalitoa gari likiwa na rangi zake za msingi tu.

Nianzie ndani ya mchezo au kwenye programu ya kuchora?

Anza ndani ya mchezo, hata kama mchoro uko tayari. Tengeneza gari lako jipya, chagua aina yake, lipe namba na rangi za msingi, kisha lihifadhi. Kwa kufanya hivyo mchezo wenyewe utakuandikia faili la gari katika Cars likiwa na mistari yote inayohitajika. Kuliandika faili hilo kwa mkono tangu mwanzo kunawezekana, lakini ni kujitafutia makosa bila sababu.

Ukishalihifadhi, funga mchezo, lifungue faili hilo kwa programu ya kuhariri maandishi, na utafute mistari inayofanana na hii:

```json
"raceNumber": 27,
"carModelType": 30,
"customSkinName": "pwani27_bmwm4_kisutu"
```

Namba 30 hapo ni ya BMW M4 GT3, gari nitakalolitumia kama mfano hadi mwisho. Mstari wa `customSkinName` utaukuta mtupu, nawe utaandika jina ulilolichagua. Usiguse alama za nukuu wala mkato, na usibadilishe namna faili lilivyosimbwa, kwa maana mchezo huyaandika mafaili haya kwa UTF-16 na baadhi ya programu huyageuza kimyakimya unapohifadhi. Baada ya hapo nenda kwenye Liveries, tengeneza folda yenye jina lilelile, na hiyo ndiyo itakayopokea michoro.

Kuhusu rangi za msingi, usizichague ovyo kwa kudhani kwamba mchoro utazifunika. Mchezaji asiye na mafaili yako ataziona hizo na si kitu kingine, hivyo nilipolipamba gari hili kwa kisutu nililipa wekundu wa msingi, ili hata asiye na mapambo alitambue gari langu kwenye kona ya kwanza.

Kiolezo kinaonekana kama takataka zilizotawanywa. Nakisomaje?

Kiolezo ni bodi ya gari iliyofumuliwa na kutandazwa, kama fundi cherehani anavyokata gauni vipande vipande na kuvilaza juu ya meza. Boneti iko mahali pake, paa mahali pengine, mlango wa kushoto umesimama, bampa ya nyuma imelala kichwa chini. Picha yenyewe ni mraba wa pikseli 4096 kwa 4096, na kipande kinachokaa karibu na kingine kwenye kiolezo si lazima kiwe jirani yake kwenye gari.

Njia niliyoizoea, na ambayo ningemshauri kila anayeanza, ni kutochora chochote cha maana siku ya kwanza. Gawa picha katika miraba ya pikseli 512, utapata miraba 64, safu nane zenye miraba minane. Ipe kila safu herufi na kila mraba namba, kuanzia A1 hadi H8, kisha ipake rangi mbili zinazopishana kama ubao wa drafti. Ihifadhi kama `decals.png`, fungua mchezo, na ulizungushe gari polepole kwenye shorumu huku ukiandika kwenye karatasi: mlango wa dereva ni miraba ipi, herufi zimesimama au zimelala, na ni wapi mraba umevutika ukawa mrefu kuliko upana wake. Nusu saa ya kazi hiyo itakuonyesha kile ambacho kiolezo peke yake hakikuonyeshi, yaani upande wa juu wa kila kipande, na mahali ambapo mchoro utapindishwa na umbo la bodi. Juu ya madigadi na kwenye pembe za bampa duara hugeuka yai, na nembo yenye maandishi ni bora isiwekwe huko kabisa.

Sasa mfano wenyewe. Kisutu ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kama kanga nyingine yoyote ina pindo, mji na jina. Niliamua kwamba pindo litapita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, mji utakaa kwenye boneti na paa, na jina litakaa kwenye bampa ya nyuma, ambako anayenifuata atapata muda wa kutosha kulisoma. Jina nililolichagua ni «Mwenda pole hajikwai», na sitaeleza kwa nini lilistahili gari langu.

Pindo ndilo lililonisumbua. Kwenye kiolezo lilipita katika vipande vitatu tofauti, na nilipolichora likiishia penyewe kwenye ukingo wa kila kipande, kwenye gari kulitokea mistari myembamba ya rangi ya msingi katika kila kiungo. Dawa yake fundi cherehani anaijua: acha akiba ya mshono. Rangi na michoro ya nyuma iendelee nje ya ukingo wa kipande kwa pikseli kama kumi hadi kumi na sita, na mistari hiyo itatoweka. Ama kuhusu michoro yenyewe kukutana sawasawa pale kipande kimoja kinapoanzia na kingine kinapoishia, hapo hakuna njia ya mkato. Unasogeza pikseli mbili, unaangalia, unasogeza tena. Nilisogeza mara kumi na moja.

Upande wa pili wa gari usiunakili kwa kuugeuza kama kioo ikiwa una maandishi, kwa sababu yatasomeka kinyume. Geuza pindo na michoro peke yake, halafu maandishi uyaweke upya. Milangoni acha nafasi, kwani namba ya gari huwekwa na mchezo wenyewe juu ya mchoro wako, na korosho nzuri iliyochorwa katikati ya mlango itafunikwa.

Kwa nini kuna picha mbili? Siwezi kuweka kila kitu katika moja?

Unaweza, na gari litaonekana. Lakini utakuwa umejinyima kitu kizuri kuliko vyote katika mfumo huu, nacho ni kuwa na mng'ao wa aina mbili kwenye gari moja.

Fikiria matabaka matatu. Chini kabisa kuna rangi za msingi ulizozichagua ndani ya mchezo. Juu yake hukaa `decals.png`, ambayo ni michoro ya rangi. Juu kabisa hukaa `sponsors.png`, ambayo kwa kawaida hubeba nembo na maandishi. Kila sehemu ya picha uliyoiacha wazi, yaani isiyo na rangi yoyote, huruhusu tabaka la chini lionekane. Ndiyo maana picha zote mbili huhifadhiwa kama PNG yenye uwazi. Ukizihifadhi zikiwa na usuli mweupe, gari zima litakuwa jeupe.

Kila picha ina faili lake la mng'ao, na ndani yake mna namba nne tu:

```json
{
  "baseRoughness": 0.5,
  "clearCoat": 0,
  "clearCoatRoughness": 0,
  "metallic": 0
}
```

Namba zote huenda kutoka 0 hadi 1. Ya kwanza ni ukwaruzo wa rangi yenyewe. Inavyopanda ndivyo mwanga unavyotawanyika na rangi kufifia kama chokaa ukutani. Ya pili ni vanishi inayopakwa juu ya rangi, ambapo 1 ni vanishi kamili na 0 ni hakuna. Ya tatu ni ukwaruzo wa vanishi hiyo, na ya nne ni kiasi cha uchuma ndani ya rangi. Mfano ulio hapo juu hutoa rangi isiyong'aa. Ukiweka `clearCoat` kuwa 1 na `clearCoatRoughness` kuwa 0 unapata gari linalong'aa kama limetoka kupigwa polishi. Ukipandisha `metallic` hadi karibu na 1 na kushusha `baseRoughness` karibu na 0 unaikaribia kromu.

Kwa kuwa namba hizi hutawala picha nzima na si stika mojamoja, huwezi kuwa na mng'ao wa aina tatu ndani ya `decals.png`. Unachoweza ni kugawa kazi kati ya picha mbili. Kwenye gari langu la kisutu michoro yote nyekundu na nyeusi niliiweka katika decals bila mng'ao, kwa sababu kanga ni kitambaa na kitambaa hakimeremeti, halafu jina peke yake nikaliweka katika sponsors likiwa na vanishi kamili. Mchana huoni tofauti kubwa. Usiku, taa za gari la nyuma zinapoligonga bampa, maandishi huwaka na kitambaa hubaki kimya. Wengi huishia kutumia sponsors kwa nembo tu kwa sababu jina lake linasema hivyo, jambo ambalo kwangu ni kupoteza tabaka zima.

Tahadhari moja: usitie `metallic` kubwa kwenye rangi nyeupe au ya njano ukitarajia ibaki ilivyo. Rangi yenye uchuma huakisi anga na ardhi, nayo hugeuka kijivu mawingu yanapotanda.

Kwa nini stika zangu zina ukingo mweupe?

Stika hiyo ilikatwa kutoka kwenye picha iliyokuwa na usuli mweupe. Pikseli za ukingoni ni nusu wazi, na ile nusu iliyobaki bado imebeba weupe wa mahali ilipotoka, kwa hiyo ukiiweka juu ya rangi nyeusi inazungukwa na uzi mweupe. Kufuta ukingo kwa kifutio hakusaidii sana, kwani unatengeneza ukingo mwingine wa namna ileile.

Tiba ya kweli ni kuichora nembo upya kwa mistari katika programu kama Inkscape na kuitoa moja kwa moja ikiwa PNG yenye uwazi na kwa ukubwa utakaoutumia. Kama huna muda, fungua picha katika GIMP na utumie amri iitwayo `Color to Alpha` ukichagua nyeupe. Inafaa kwa nembo ya rangi moja iliyokoza, lakini itakula weupe wote hata uliomo ndani ya nembo.

Jambo linalofanana na hilo ni nembo yenye ukungu. Hiyo ilikuzwa kutoka picha ndogo. Nembo ya upana wa pikseli 200 iliyovutwa hadi 900 haiwezi kusimama karibu na maandishi safi bila kuaibika.

Nimebadilisha mchoro lakini gari bado ni lilelile. Tatizo ni nini?

Angalia ndani ya folda yako ya Liveries. Kama unaona mafaili yenye majina kama `decals_0.dds` na `sponsors_0.dds`, hayo ndiyo chanzo. Mchezo huzigeuza picha zako za PNG kuwa DDS na kuzihifadhi, kisha safari nyingine husoma DDS na kuiacha PNG kama ilivyo. Wewe umebadilisha PNG; mchezo bado unaangalia nakala ya jana.

Funga mchezo, futa mafaili yote yenye mwisho wa `.dds` katika folda hiyo, kisha fungua tena uliangalie gari. Usifute PNG. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikibadilisha wekundu wa pindo, kutoka damu ya mzee hadi nyekundu ya pilipili, bila kuona tofauti yoyote, hadi nikashuku kwamba macho yangu ndiyo mabovu.

Ubadilishaji huo haukuwekwa ili kukuudhi. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa kwenye kumbukumbu huchukua baiti nne kwa kila pikseli, yaani zaidi ya baiti milioni 67, na kila gari lina picha mbili. Magari 20 uwanjani yangedai zaidi ya baiti bilioni mbili na nusu kwa ajili ya mapambo peke yake. DDS husomwa na kadi ya michoro ikiwa imebanwa vilevile, ndiyo maana mchezo haukwami gridi inapojaa.

Kwangu gari limependeza, lakini wenzangu wanaliona lina rangi tupu. Kwa nini?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake ni kwamba seva haisafirishi picha. Unapoingia kwenye mbio za mtandaoni, kinachokwenda kwa wenzako ni maelezo ya gari, yaani aina, namba, rangi za msingi na lile jina lililomo katika `customSkinName`. Kompyuta ya kila mchezaji hulipokea jina hilo na kutafuta folda inayoitwa hivyo katika Liveries yake mwenyewe. Ikiipata, inakuvika. Isipoipata, inakuonyesha kwa rangi za msingi. Jina ndilo linalosafiri. Picha hubaki nyumbani hadi uitume mwenyewe.

Ukilielewa hilo, mengine yote hujieleza. Mwenzako hahitaji faili lako la Cars ili akuone ukiwa umevaa. Anahitaji folda ya Liveries peke yake. Faili la Cars ni la yule anayetaka kuliendesha gari hilo yeye mwenyewe. Na ukibadilisha jina la folda baada ya kulituma, kwa kila mtu mwingine umevua nguo.

Vilevile utaona kwa nini majina ya kivivu ni hatari. Mwaka fulani katika ligi yetu madereva wawili walileta folda zilizoitwa `BMW`. Mkusanyaji alipozitia mahali pamoja, ya pili ikaifuta ya kwanza, na siku ya mbio magari mawili yakaingia uwanjani yakiwa yamevaa sare, huku mwenye mapambo yaliyofutwa akilalamika kwamba ameibiwa kazi. Tangu siku hiyo kila jina kwetu lina sehemu tatu: timu na namba, gari, na jina la mchoro, kwa herufi ndogo, bila nafasi wala alama za ajabu, kama lile la mfano wetu, `pwani27_bmwm4_kisutu`.

Nikitaka kuwatumia wengine, zipu iwe na nini?

Inategemea unamtumia nani. Kama ni kwa wenzako wa ligi, watakaokuona tu, weka folda moja ya Liveries. Kama unayatoa kwa umma ili mtu yeyote ayatumie, weka pia faili la Cars, na uzipange ndani ya zipu kama zinavyokaa kwenye Customs, ili mpokeaji aburute na kuachia bila kufikiri. Wengi huweka kazi zao kwenye OverTake, tovuti iliyojulikana zamani kama RaceDepartment, na ligi nyingi hubadilishana kupitia Discord.

Kabla ya kufunga zipu, futa DDS za zamani, fungua mchezo ili utengeneze mpya, halafu uamue kama utazijumuisha. Mimi huzijumuisha, kwa sababu zinampunguzia mpokeaji kusubiri. Lakini ukizijumuisha zikiwa za mchoro wa zamani, utakuwa umeeneza lile tatizo la mchoro usiobadilika kwa watu 20 kwa mpigo.

Kisha fanya jaribio ambalo wavivu hulikwepa: ihamishe folda yako mwenyewe kutoka Liveries, fungua zipu kama mgeni, na uone kama gari linavaa. Makosa ninayokutana nayo ni yaleyale kila msimu. La kwanza ni folda ndani ya folda, pale programu ya kufungua zipu inapotengeneza `Liveries\pwani27_bmwm4_kisutu\pwani27_bmwm4_kisutu` na mchezo ukakuta folda ya nje haina picha. La pili ni Notepad kuhifadhi `decals.json.txt` huku Windows ikificha kile kimkia cha mwisho, hivyo mmiliki anaapa kwamba jina ni sahihi. La tatu ni kuwa na Documents mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyohamishiwa OneDrive. Mtu anabandika kwenye moja, na mchezo unasoma nyingine. Ili kujua ipi ni ya kweli, hifadhi gari jipya ndani ya mchezo na utazame ni katika Cars ipi faili jipya limetokea.

Ligi yetu ina madereva zaidi ya 20. Tuyakusanyeje?

Mtu mmoja awe mkusanyaji, na tarehe ya mwisho iwe siku tatu kabla ya mbio. Siku tatu nimezipima: ya kwanza ni ya kudai mafaili kwa waliochelewa, ya pili ni ya kurekebisha, ya tatu ni ya watu wenye intaneti ya kubahatisha kupakua. Mkusanyaji afungue kila folda kwenye mchezo wake kabla ya kuitia kwenye kifurushi, na aweke kifurushi kimoja chenye namba ya toleo, si viraka kumi vinavyofuatana. Dereva anayetaka kubadilisha mchoro katikati ya msimu alete folda yenye jina jipya, kwa mfano kwa kuongeza `_v2`, na abadilishe `customSkinName` yake mwenyewe. Akitumia jina la zamani, waliokwisha kupakua watabaki na mchoro wa zamani na DDS zake, na hakuna atakayejua nani anaona nini.

Naweza kutumia nembo za kampuni, au kuanzia kwenye kazi ya mtu mwingine?

Nembo ni mali ya mwenyewe. Kuiweka kwenye gari unaloendesha na marafiki ni jambo moja, kuyauza mapambo yenye nembo hiyo ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili usilifanye. Kuhusu kazi ya mtu, soma maelezo aliyoyaambatanisha. Wengine huruhusu kubadilisha, wengine huruhusu kutumia tu. Pasipo na maelezo, muulize, na ukikubaliwa mtaje ndani ya faili la maelezo ya zipu yako. Michoro ya kanga nayo ina wachoraji. Kwa gari langu nilichora korosho zangu mwenyewe badala ya kupiga picha kanga ya dukani.

Nina PlayStation au Xbox. Naweza kufanya haya?

Hapana. Kwenye mashine hizo hufikii folda ya Customs, kwa hiyo unabaki na rangi na violezo vilivyomo ndani ya mchezo.

Nimefuata yote na bado gari langu halijavaa. Niangalie nini kwanza?

Kwanza tazama kwenye shorumu yako mwenyewe. Kama hata huko ni rangi tupu, tatizo ni la jina: nakili jina la folda, libandike ndani ya `customSkinName` badala ya kuliandika kwa vidole, hifadhi, na ujaribu tena. Kama shorumuni limevaa lakini wenzako wote hawalioni, huenda uwanjani ulichagua gari la kiwandani badala ya lile ulilolihifadhi, na mara nyingi hilo hugunduliwa mtu akiwa tayari kwenye mzunguko wa kupasha matairi. Kama ni mwenzako mmoja tu asiyeliona, mwambie akutumie picha ya skrini ya folda yake ya Liveries ikiwa wazi. Nusu ya mara nitakuwa nimeiona hiyo folda ndani ya folda kabla hajamaliza kuniambia kwamba kwake kila kitu kiko sawa.